Profoma Mbili Zilizokosa Oda

Chukua mfano wa shule ya bweni ya binafsi mkoani Morogoro. Kufikia tarehe 20 Mei, mhasibu wake ana profoma tatu mezani, zote za vitanda 40 vya chuma vya deki, vinavyotakiwa kabla wanafunzi hawajarudi mwanzoni mwa Julai. Moja imetoka kwa kampuni ya Dar es Salaam, ya pili kwa mzee mwenye karakana ya kuchomelea palepale Morogoro mjini, na ya tatu kwa kijana aliyefungua karakana mwaka jana tu. Tarehe 28 Mei uongozi wa shule unakaa na kuichagua kampuni ya Dar es Salaam. Profoma yake inagongwa muhuri, hundi ya malipo ya awali inaandaliwa, na kila mtu anarudi kwenye shughuli zake.

Zimebaki profoma mbili. Katika ofisi nyingi zinafungwa kwenye faili na habari yake inaishia hapo. Mzee akipiga simu anaambiwa bado wanaangalia. Akipiga tena baada ya wiki anaambiwa bosi amesafiri. Mara ya tatu simu haipokelewi, naye anaelewa.

Anayenyamaza hivi mara nyingi hana nia mbaya. Anaona aibu kumwambia mtu mzima kwamba kazi yake haikuchaguliwa, hasa mtu aliyefunga karakana kutwa nzima akaja kupima bweni kwa futi yake mwenyewe. Lakini wakati ofisi inaona aibu, mwenye karakana anaingia hasara. Ili bei aliyoiandika isimgeuke, pengine ameshamwomba mwenye duka la vyuma amshikie bomba, amewaambia vijana wawili wa kuchomelea wasichukue kibarua kwingine, na amemkataa mteja aliyetaka mageti kwa sababu anasubiri oda ya vitanda 40. Kila siku anayoambiwa bado wanaangalia ina gharama, na anayeilipa ni yeye. Mwakani shule ikimwomba bei tena, ataandika ya juu ili kufidia usumbufu, au hataandika kabisa.

Hapo ndipo kumkataa muuzaji vizuri kunapokuwa sehemu ya kazi ya ununuzi. Shule haiombi bei mara moja. Itahitaji meza, madirisha, matengenezo ya vitanda vilivyokatika, na siku moja itahitaji mtu wa kuokoa jahazi pale aliyepewa kazi atakaposhindwa. Ofisi yenye muuzaji mmoja tu anayepokea simu zake hununua kwa bei anayoitaka muuzaji huyo.

Kabla ya kumkataa mtu, ofisi inapaswa kujua kwa hakika kwa nini inamkataa, na jibu halionekani kwenye bei iliyoandikwa kwa herufi nene. Profoma ya mzee wa Morogoro ilisema shilingi 250,000 kwa kitanda. Ya kampuni ya Dar es Salaam ilisema 285,000. Mtu akisoma haraka atasema mzee ni nafuu kwa 35,000 na ameonewa. Lakini chini kabisa ya karatasi ya mzee kulikuwa na mstari mdogo: bei haijumuishi VAT wala usafiri. Vitanda 40 kwa 250,000 ni shilingi milioni 10. Ongeza VAT ya asilimia 18, inakuwa 11,800,000. Ongeza 600,000 za lori na wapakiaji, jumla inafika 12,400,000. Kampuni ya Dar es Salaam ilikuwa imejumlisha kila kitu mpaka mlangoni mwa bweni, na jumla yake ilikuwa 11,400,000. Mzee alikuwa juu kwa milioni moja kamili.

Hapa VAT ina uzito wa pekee. Biashara iliyosajiliwa kwa kodi hiyo ingeweza kuidai ile 1,800,000 kwenye ritani yake. Huduma ya elimu haitozwi VAT, kwa hiyo shule haina pa kuirudishia. Kwake ni gharama kama nondo na rangi. Kampuni ya ujenzi iliyosajiliwa ingezilinganisha karatasi hizohizo kwa namna nyingine, kwa bei zisizo na VAT.

Kijana wa karakana mpya alikuwa wa chini kuliko wote, 270,000 kila kitu ndani, jumla 10,800,000. Kilichomwangusha ni vitu viwili. Shule ilikuwa imeomba bomba za mraba za geji 16, yaani chuma chenye unene wa karibu milimita 1.6, na yeye alipigia hesabu geji 18, ambayo ni kama milimita 1.2. Kwenye geji namba ikipanda chuma kinakuwa chembamba, na kitanda cha deki ambacho watoto wawili watakirukia kwa miaka kumi hakivumilii wembamba huo, hasa kwenye maungio ya ngazi. La pili, aliomba wiki sita. Hata angepewa kazi mapema Juni, vitanda vingefika katikati ya Julai, wakati wanafunzi wameshalala sakafuni wiki nzima.

Kwa hiyo wawili hawa wanakataliwa kwa sababu tofauti kabisa, na barua moja ya kunakiliwa haiwezi kuwatosha wote.

Wakati wa kuwaambia nao una hesabu yake. Wengi wakishaamua hutaka kumaliza siku hiyohiyo, wawapigie walioshindwa na kufunga jalada. Hapo wanajiumiza wenyewe. Profoma inayotaja bidhaa, idadi, bei na muda wa kudumu kwa bei hiyo kwa kawaida ni toleo kamili kisheria, yaani mwenye nayo amesema yuko tayari kufungwa nayo. Ukilikataa, limekufa. Huwezi kumrudia wiki ijayo na kudai bei ileile kama haki yako.

Kesi inayofundishwa katika somo la mikataba popote sheria ya Kiingereza ilipofika ni ya Hyde na Wrench, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1840. Wrench alijitolea kuuza shamba kwa pauni 1,000. Hyde akasema atatoa 950. Wrench akakataa. Hyde akabadili nia, akaandika kwamba basi anakubali ile 1,000. Mahakama ikasema hakuna mkataba: aliposema 950 alikuwa amelikataa toleo la kwanza na kuweka la kwake, na lililokataliwa haliwezi kufufuliwa na upande mmoja. Tanzania ina Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na kifungu chake cha 7 kinataka ukubali uwe kamili na usio na masharti. Kenya nayo inafuata misingi ya sheria ya mikataba ya Uingereza kupitia sheria yake, Sura ya 23.

Kwa mhasibu wetu maana yake ni rahisi. Kampuni ya Dar es Salaam imechaguliwa tarehe 28 Mei, lakini bado haijathibitisha oda wala kupokea malipo ya awali. Inaweza kusema bei ya chuma imepanda, au kwamba imepata kazi kubwa zaidi. Profoma ya mzee inadumu siku 30 tangu tarehe 20 Mei, yaani mpaka tarehe 19 Juni. Akimkataa tarehe 28 halafu kampuni ikayumba tarehe 30, atarudi kwa mzee mikono mitupu. Anasubiri basi mpaka tarehe 2 Juni, kampuni inaposaini LPO na kupokea fedha. Tarehe 3 Juni asubuhi anawapigia wawili waliobaki. Wamesubiri siku sita tu tangu uamuzi, na bado zimebaki zaidi ya wiki mbili katika muda wa profoma zao. Mzee anaweza kuziachia bomba na kumrudia mteja wa mageti. Kumweka mpaka tarehe 19 kwa sababu tu karatasi inaruhusu kungekuwa dhuluma.

Kuna tahadhari moja zaidi kutoka mahakamani. Kabla ya uamuzi, ofisi ikitaka kujua kama muuzaji anaweza kulegeza, iulize. Isipange bei yake yenyewe. Katika kesi ya Stevenson na McLean ya mwaka 1880, mnunuzi wa chuma aliyepewa bei ya shilingi 40 kwa tani alituma simu ya maandishi kuuliza kama muuzaji angekubali kupeleka mzigo kwa muda wa miezi miwili. Muuzaji akauza kwingine akidhani amekataliwa. Mahakama ikaamua kuwa lile lilikuwa swali tu na toleo lilikuwa hai. Mhasibu akiandika kwamba anaomba kufahamu bei ya mwisho ikiwa malipo ya awali yatakuwa asilimia 50, amebaki salama. Akiandika kwamba watachukua kwa 230,000, ameweka toleo jipya na la zamani limekwenda. Na swali hilo la bei ya mwisho wapelekewe wote watatu siku moja, kabla ya kikao. Baada ya kikao mlango wa bei umefungwa kwa oda hii.

Mzee anapigiwa simu kwanza, halafu anaandikiwa. Simu ni heshima, kwa sababu mtu aliyekuja kwa miguu kupima bweni hastahili kuipata habari kwenye ujumbe wa WhatsApp akiwa kwenye daladala. Maandishi ni kumbukumbu. Na anayepiga awe yuleyule aliyeomba bei.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mama. Mmefikia wapi na vitanda?”

“Ndiyo nimekupigia mzee. Oda ya vitanda imeenda kwa mwingine, jana wamesaini. Sikutaka uendelee kushikilia vifaa kwa ajili yetu.”

Sentensi hiyo inakuja mapema, kabla ya shukrani ndefu. Mtu anayesubiri kazi husikia kila neno la sifa kama dalili kwamba amepata, na kumpandisha kisha kumshusha kunauma zaidi. Kinachofuata karibu kila mara ni punguzo la papo hapo.

“Sasa mama si ungeniambia? Sema unataka ngapi, mimi nashusha mpaka mia mbili na thelathini.”

Hapa wengi hutereza. Wengine hujitetea kwa uongo mdogo, kwamba bajeti imekatwa na vitanda vimeahirishwa. Wiki tatu baadaye lori la vitanda linapita barabara ileile yenye karakana ya mzee. Wengine huanza kuchukua lile punguzo kurudi kwa kampuni iliyosaini, ili waibane. Kampuni itashusha bei safari hii, kisha itajifunza kuongeza ya kushushia kwenye profoma zijazo. Jibu linalofaa ni fupi: “Ahsante mzee, lakini hii imeshasainiwa, siwezi kuirudisha nyuma. Nakutumia barua yenye sababu, uiangalie kabla ya kazi nyingine.”

Barua yenyewe haizidi nusu ukurasa. Ya mzee inaweza kuandikwa hivi:

*Ndugu Meneja,*

*YAH: PROFOMA YENU YA TAREHE 20 MEI, VITANDA 40 VYA CHUMA*

*Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Tunawashukuru kwa profoma yenu na kwa kufika shuleni kupima bweni. Baada ya kulinganisha profoma zote, oda hii tumempa muuzaji mwingine. Kwa hiyo mko huru na bei pamoja na vifaa mlivyotutengea.*

*Vipimo na unene wa bomba mlizopendekeza vilikidhi mahitaji yetu. Sababu ya uamuzi ni gharama ya jumla: bei yenu ilipoongezwa VAT na usafiri hadi shuleni ilizidi ya aliyechaguliwa. Shule hairudishiwi VAT, hivyo tunalinganisha bei ya mwisho ya kufikishiwa. Katika maombi yajayo tunaomba muandike bei ikiwa na gharama zote mpaka mlangoni.*

*Mwezi Septemba tunatarajia kuomba bei za meza 30 za bwalo la chakula. Tutawatumia maombi hayo pamoja na wauzaji wengine.*

*Sampuli yenu ya fremu italetwa karakanani Ijumaa hii kwa gari la shule.*

*Wenu katika kazi.*

Barua hiyo imemkata mzee waziwazi katika aya ya kwanza, na imemwachilia vifaa vyake. Sababu iliyotolewa ni moja, ya kweli, na inarekebishika. Mzee anajua afanye nini safari ijayo. Haimtaji aliyeshinda wala bei yake. Mzee akiona ofisi inatangaza bei za wenzake, ataamini na yake inatangazwa, na safari nyingine ataandika namba ya kupimia upepo badala ya bei yake halisi.

Ahadi ya meza imeandikwa kwa sababu ni kweli. Zimo kwenye bajeti na mwezi unajulikana. Kama hakuna kazi inayojulikana, aya hiyo ifutwe na iandikwe tu kwamba jina lao linabaki kwenye orodha ya wanaoombwa bei. Kuahidi kazi isiyokuwepo ili kupoza machungu ni kumweka mtu kwenye foleni nyingine isiyo na mwisho. Na barua inasema “pamoja na wauzaji wengine” makusudi, mzee asije akanunua chuma akidhani meza ni zake.

Ile sampuli ni jambo linalovunja uhusiano mwingi kimyakimya. Muuzaji analeta kipande cha fremu, godoro moja, ream ya karatasi au kipimo cha kitambaa, kisha hakirudishiwi wala hakilipwi. Kwa karakana ndogo fremu moja ni faida ya siku kadhaa. Irudishwe, au inunuliwe kwa bei iliyo kwenye profoma yake. Michoro ina uzito mkubwa zaidi. Kama mzee ndiye aliyechora namna ya kuunga ngazi ili isitikisike, mchoro huo haupelekwi Dar es Salaam ukachomelewe na mwingine. Ofisi ikiupenda, imwombe mwenyewe na kumlipa. Fundi anatambua kazi yake kwa kuitazama mara moja, na akiiona kwenye bweni la shule hatarudi.

Kijana wa geji 18 anapata barua nyingine. Kwake bei haitajwi kabisa, kwa kuwa haikuwa tatizo. Akiambiwa amekosa kwa bei atashusha zaidi na kuzidi kupunguza chuma. Anaambiwa kwamba maombi yalitaka geji 16, na kwamba wiki sita zilivuka siku ya kufungua shule. Inafaa pia aulizwe anaweza kutengeneza vitanda vingapi kwa wiki mbili. Jibu likiwa kumi, shule imejua nani wa kumpa oda ndogo, na yeye hatabeba mzigo wa 40 unaoweza kumzamisha.

Haya yote ni ya ofisi binafsi, ambazo hazidaiwi maelezo na mtu. Serikalini kuna sheria. Nchini Kenya, kifungu cha 87 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali za Umma ya mwaka 2015 kinamtaka afisa mhasibu awaarifu kwa maandishi wazabuni walioshindwa, siku anapomwarifu mshindi, akieleza sababu na kumtaja aliyeshinda inavyofaa. Aliyeshindwa ana siku 14 za kuomba mapitio. Kwa hiyo afisa wa kaunti hawezi kuiga usiri wa shule yetu, wala kusubiri mshindi asaini ndipo awaarifu wengine; na mhasibu wa shule hana sababu ya kuiga urefu wa barua za serikali. Walakini jambo moja ni lilelile pande zote: sababu isiyoandikwa huzaa uvumi wa mlungula, hata pale ambapo hakuna aliyekula senti.

Baada ya barua kutoka, kazi iliyobaki ni ya dakika tano. Kwenye daftari la wauzaji, mbele ya jina la mzee, mhasibu anaandika tarehe ya profoma, bidhaa, jumla baada ya VAT na usafiri, sababu ya kukosa, na kilichokuwa kizuri: bomba sahihi, alikuja kupima mwenyewe. Mbele ya kijana anaandika geji na muda. Mhasibu akihama, mrithi wake atayakuta. Bila mstari huo mlango ulioachwa wazi unafungika siku mtu aliyeukumbuka anapobadili kazi, na Septemba maombi ya meza yatatumwa kwa yeyote anayejitokeza kwanza kwenye simu.

Septemba ikifika, mzee atumiwe maombi kweli. Akiandika bei ya kufikishiwa yenye VAT ndani, ilinganishwe kwa haki na nyingine, na akikosa tena aambiwe tena. Muuzaji anaweza kukosa oda mbili au tatu kwa ofisi moja na bado akaendelea kuiandikia bei nzuri, mradi kila mara amejibiwa mapema na kwa ukweli.

Kama mezani pako kuna profoma ambazo umeshajua hutazichukua, na uliyemchagua ameshasaini, wapigie wenye nazo leo. Kuna bomba zimewekwa pembeni dukani kwa jina la oda yako.